Kiswahili Kilivyopanda Mlima Kenya

Mkulima wa Mathira anayepeleka viazi katika soko la Karatina huzihesabu siku za juma lake kwa majina ambayo babu zake wa karne ya 19 hawakupata kuyatamka. Jumatatu kwake ni Njumatatũ, Alhamisi ni Aramithi, Ijumaa ni Njumaa, na Jumamosi ni Njumamothi; Jumapili peke yake, siku ya kwenda kanisani, ndiyo iliyopewa jina la Kikuyu, nalo ni Kiumia. Muulize majina hayo ameyatoa wapi, naye atakujibu kwamba ni Kikuyu, na jibu lake si la uongo, maana neno likishakaa kinywani mwa watu kwa vizazi vitatu au vinne, likafuata sheria zote za matamko yao, limekwisha kuwa mwenyeji. Walakini juma hilo lilitoka pwani, na kabla ya kutoka pwani lilikuwa limekwisha kuunganishwa kwa vipande vya asili mbili.

Watu wa pwani, walipoingia katika Uislamu, waliifanya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, kuwa ndiyo kilele cha juma, na kesho yake wakaanza kuhesabu upya kwa hesabu ya mababu zao: mosi, pili, tatu, nne, tano. Hesabu hiyo iliwafikisha Jumatano. Na hapo wakakutana na siku ambayo Mwarabu, aanzaye hesabu yake siku ya Jumapili, huiita al-khamis, yaani ya tano, nao wakaipokea pamoja na jina lake. Ndiyo sababu juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Kibantu na ya pili kwa hesabu ya Kiarabu, na mkulima wetu wa Mathira, ambaye aghalabu ni Mkristo wa wazazi Wakristo, amezirithi zote mbili kama zilivyo. Katika majina hayo saba imo tarehe ya lugha nzima: hesabu ni ya Kibantu, ibada na elimu zilileta majina ya Kiarabu, na bara likaipokea jumla hiyo bila ya kuuliza ni kipande gani kilichotoka wapi.

Wapo watu wengi katika miji yetu hii inayouzunguka mlima, tangu Murang'a na Nyeri hata Embu na Meru, wanaosadiki kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika na maneno ya Kiafrika, na kwamba kwa hiyo ni lugha ya mgeni kwetu sawasawa na Kiingereza. Nimelisikia neno hili likisemwa na walimu, na limeniuma kulisikia, kwa kuwa ithibati ya kulikanusha wanayo wenyewe katika lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Mtu katika Kikuyu ni mũndũ, na watu ni andũ. Kitu ni kĩndũ, kiti ni gĩtĩ, mti ni mũtĩ na miti ni mĩtĩ. Nyumba ni nyũmba, nyama ni nyama, ng'ombe ni ng'ombe. Mfanano huu haukuja kwa kuazimana. Maneno ya kuazima huja mojamoja, kila moja na sababu yake, bali haya yanatofautiana kwa mpango, na mpango huo ndio unaowathibitishia wanaisimu kwamba lugha mbili ni ndugu. Tazama njĩra ya Kikuyu ambayo ni njia ya Kiswahili, na mũrongo, yaani kumi moja katika hesabu ya makumi, ambao kwa Kiswahili ni mwongo, neno tunalolitumia leo kwa miaka kumi: katika yote mawili Kiswahili kimeiangusha sauti ya katikati ambayo Kikuyu kimeihifadhi. Tena tazama mbũri, ambayo ni mbuzi, na mweri, ambao ni mwezi. Kikuyu kimezilinda irabu saba za asili ya Kibantu, na kwa ajili hiyo huandikwa kwa ĩ na ũ zenye alama. Kiswahili kimebakiwa na tano tu, na ile i kali ya zamani, kabla ya kuchanganyika na jirani yake, iliigeuza konsonanti iliyoitangulia ikawa z. Palipokuwa na ĩ iliyo hafifu, z haikutokea, na ndiyo maana kũrĩa ni kula tu. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa miaka hamsini hawezi kuyaona mambo haya, ilhali mtoto wa Othaya mwenye umri wa miaka saba anayo masikioni.

Wataalamu wanakiweka Kiswahili katika kundi dogo la lugha za Kibantu linaloitwa Sabaki, pamoja na lugha za Wamijikenda, Kipokomo na lugha za visiwa vya Ngazija. Na Kikuyu wamekiweka katika kundi jingine pamoja na Kikamba, Kiembu na Kimeru. Basi udugu wetu na Kiswahili ni wa binamu, si wa tumbo moja. Inafaa kulisema jambo hili kwa uwazi, kwa sababu Wameru wana masimulizi mashuhuri kwamba wazee wao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu, na baadhi ya wanahistoria wamepatafuta mahali hapo katika visiwa vya upande wa Lamu. Masimulizi hayo nayaheshimu, na huenda yakawa yamehifadhi kumbukumbu ya kundi fulani lililopanda kutoka pwani. Lakini lugha ya Kimeru yenyewe haitoi ushahidi huo, kwani sauti zake na nahau yake zinafuatana na jirani zake wa mlimani kuliko na Wapokomo. Kitu kinachotuunganisha dhahiri na Wapokomo ni maji: mto Sagana, unaopita karibu na Karatina, ndio mwanzo wa mto Tana, ambao katika kingo zake za chini Wapokomo hulima migomba na mpunga.

Sasa na tuyaendee maneno ya Kiarabu, na kwa kuwa hayahesabiki, nitachukua fungu moja tu ambalo kila mtu hulitumia kila siku, nalo ni tarakimu. Mwanamke wa Karatina akihesabu mayai kwa Kiswahili husema moja, mbili, tatu, nne, tano, na zote hizi ni za Kibantu. Akifika sita na saba amekwisha kuingia katika Kiarabu. Nane humrudisha katika Kibantu. Tisa ni Kiarabu tena. Na kumi ni Kibantu. Akitaka kuendelea, ishirini, thelathini, mia na elfu zote ni za Kiarabu. Je, watu wa pwani hawakuwa na sita, saba na tisa zao wenyewe? Walikuwa nazo. Sita ilikuwa ni tandatu. Na Mkikuyu akitaka kusema watu sita husema mpaka leo andũ atandatũ, neno lile lile, lililotokana na tatu iliyorudiwa mara mbili, kama nane ilivyotokana na nne. Tisa ilikuwa ni kenda, nayo bado ni kenda katika Kikuyu na Kimeru, na Kiswahili chenyewe hakijaisahau, kwani twalo jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Saba ilikuwa ni fungate, nayo imebaki ikiwa jina la zile siku saba za arusi ambazo maarusi hukaa ndani. Hapa Kikuyu kina neno lake jingine, mũgwanja, ambalo si ndugu ya fungate, lakini Mgiriama akihesabu kwa lugha yake ya asili bado husema handahu, fungahe na chenda, na sikio lo lote la Kiswahili litazitambua.

Kwa hiyo Kiarabu hakikujaza pengo mahali palipokuwa patupu. Kiliyaondoa maneno yaliyokuwapo, yakaenda kuishi pembeni, moja katika jina la kabila na jingine katika chumba cha arusi, na sababu ya kuondolewa kwake ni biashara ya bandarini, ambako hesabu kubwa za pembe, nguo na nafaka ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na watu waliosomea chuoni, yaani madrasani. Mfanya hesabu aliyezoea kuandika mia na elfu kwa Kiarabu, na kuzitaja sala zake kwa Kiarabu, hakuona taabu kuzichukua na sita, saba na tisa. Nazo za chini ya sita, ambazo hata mtoto asiyejua kusoma huzitumia, zilikaa mahali pake. Kuna kanuni hapa inayofaa kukumbukwa: maneno yatumikayo mno nyumbani hukaa, na yale yatumikayo zaidi dukani na chuoni ndiyo yanayobadilishana wageni.

Mgeni huyo, hata avae nguo za mwenyeji namna gani, hutambulikana. Twasema watu wawili, watu watatu, watu watano, watu wanane, kwa maana tarakimu za Kibantu hufuata ngeli ya jina. Lakini twasema watu sita, watu saba, watu tisa, bila ya kiambishi, kwa kuwa tarakimu za Kiarabu hazikukubali kuvishwa. (Kumi nayo haivishwi, ingawa ni ya Kibantu, kwa kuwa asili yake ni jina kamili.) Vitendo navyo vina alama yake: kitendo cha Kibantu huishia kwa a, na kikikanushwa katika wakati uliopo a hiyo hugeuka i, ndipo nasoma ikawa sisomi, bali najibu, nafikiri na nasamehe hukanushwa kwa sijibu, sifikiri na sisamehe, wala mwisho wake hautikisiki. Hapo ndipo mpaka wa Kiarabu ulipo, na hauendi mbele zaidi. Kwani neno safiri, ambalo mwisho wake nao hautikisiki likikanushwa, limeshikwa na minyambuliko ya Kibantu likatoa safirisha, safirishwa na safirishiana; na kitabu, ambacho katika Kiarabu ki- yake ni sehemu ya shina, kilipofika pwani kilidhaniwa ni cha ngeli ya ki na vi, kikazaa vitabu. Maneno yaliingia kwa maelfu, lakini hakuna hata ngeli moja iliyopotea kwa ajili yake, na nahau iliyowapokea wageni hao ni ile ile aliyonayo bibi wa Tetu.

Uingiaji wenyewe haukuwa wa siku moja. Katika Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba msikiti ulikuwako tangu karne ya 8. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta miji ya Waislamu iliyokomaa. Hata hivyo maneno ya Kiarabu yaliyo mengi zaidi hayakuingia katika karne hizo za mwanzo, bali baadaye sana, hususa baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698 na kisha Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Lugha ilikuwa imekwisha kuwa lugha kamili, yenye miji na utenzi, kabla ya kupewa sehemu kubwa ya kamusi yake ya Kiarabu. Na mtu akitaka kujua maneno hayo ni kiasi gani, na aulize kwanza yanahesabiwa wapi: ukihesabu kamusi, au hotuba ya kadhi, utayaona kila mstari, ukihesabu maneno ya watu wawili wanaopatana bei ya kabeji, utayaona machache.

Mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuandika kitabu cha nahau ya Kiswahili, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiye pia Mzungu wa kwanza kutoa habari za mlima wetu. Alikuwa Ukambani, katika nchi ya Kitui, mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, alipoziona theluji za Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Na mwaka uliofuata vikatoka vitabu vyake viwili, nahau ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, ambamo Kiswahili na Kikamba viliwekwa safu kwa safu. Krapf alifika Kitui kwa njia ya biashara iliyokuwa mikononi mwa Wakamba wakipeleka pembe Mombasa, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuipanda njia hiyo kabla yake. Mwaka 1887, kabaila Teleki wa Hungaria alipopita Ukikuyu na kuupanda mlima sehemu ya juu, msafara wake uliongozwa na mfanyabiashara wa Kiswahili, Jumbe Kimemeta, na amri zote, tangu ya kufunga mizigo hata ya kupiga hema, zilitolewa kwa Kiswahili kwa wapagazi wa pwani. Lakini misafara ilipita tu. Haikuacha mji, na lugha isiyoacha mji huacha maneno mawili matatu ya kununulia chakula.

Kilichoikalisha lugha ni ngome. Mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya vita na watu wa Tetu ambamo Richard Meinertzhagen alikuwa mmoja wa maofisa, Waingereza walijenga kituo karibu na kilima cha Nyeri. Murang'a walikuwa wamekwisha kuikalia miaka miwili nyuma. Embu ikafuata baada ya vita vya 1906, na Meru mwaka 1908. Askari wa vituo hivyo hawakuwa wa kabila moja: wamo Wasudani, wamo wa pwani, wamo wa nchi za Nyasa, na lugha iliyowapatanisha ni Kiswahili. Nyuma ya askari walikuja wapagazi, mafundi, wapishi na makarani, na wake zao, ambao wengine walikuwa mabinti wa Kikuyu waliosilimu. Nao walipomaliza kazi hawakurudi makwao, bali walijenga nyumba pembeni ya mji, karibu na msikiti. Hiyo ndiyo asili ya Majengo ya Nyeri, na Majengo ya Nanyuki, na Mjini ya Murang'a. Mtu akitaka kuijua tarehe ya Kiswahili katika nchi ya mlima na aanzie katika mitaa hiyo, ambamo watoto wa Kikuyu kwa damu walizaliwa wakisema Kiswahili kwa mama zao, na ambayo miji yetu imeilipa kwa kuisahau.

Mlango wa pili ulikuwa duka la Mhindi, na wa tatu shamba la mlowezi. Kwa milango hii mitatu yalipanda maneno, na kila neno lilipopanda lilivuliwa viatu mlangoni kama mgeni aingiaye nyumbani kwa watu. Askari akawa mũthigari, serikali ikawa thirikari, saa ikawa thaa, sabuni ikawa thabuni, meza ikawa metha. Kikuyu hakina s wala z, basi zote mbili zilipokewa kwa th, ambayo ndiyo sauti iliyo karibu. Mkate nao ukawa mũgate, na hapa jambo linapendeza zaidi, kwani Kikuyu kinayo k, na kingeweza kusema mũkate bila ya taabu. Lakini ni sheria yake ya asili kwamba k ikifuatwa katika silabi inayokuja na sauti kavu kama t, hulainika ikawa g, na ndiyo sheria iliyoifanya kiti ikawa gĩtĩ. Neno la kuazima lilitiishwa chini ya sheria ya zamani isiyoandikwa popote, na watu ambao hawakujua kwamba wana sheria hiyo.

Nimelikalia jambo hili kwa makusudi. Saa ilitoka katika Kiarabu, meza katika Kireno, serikali katika Kiajemi kwa njia ya Bara Hindi. Pwani iliyapokea yote ikayatahiri kwa kanuni zake, na mlima ukayapokea kutoka pwani ukayatahiri mara ya pili. Mkikuyu asemaye thirikari hajawa Mwajemi. Yule yule anayekishuku Kiswahili kwa ajili ya maneno yake ya Kiarabu anayabeba maneno hayo hayo katika lugha yake mwenyewe, wala lugha yake haikuharibika, na iliyoyapokea kwanza haikuharibika vilevile.

Kulitokea hasara, nayo haikutoka Uarabuni. Mkikuyu akitaka kusema kiti changu kwa lugha yake husema gĩtĩ gĩakwa. Na viti vyangu ni itĩ ciakwa. Jina linapobadilika na kuwa wingi, kimilikishi nacho hubadilika, sawasawa na katika Kiswahili cha Mvita au cha Unguja. Ungetazamia, basi, kwamba mtu huyu, ambaye upatanisho wa ngeli umo katika damu ya usemi wake, atasema Kiswahili fasaha kuliko mtu ye yote wa bara. Badala yake utamsikia stendi ya Nyeri akisema kiti yangu na viti yangu, kitabu yake na vitabu yake, kana kwamba ngeli hazijapata kuwako duniani. Hakushindwa na ngeli. Hakufundishwa Kiswahili chenye ngeli. Alikijifunza kwa mlowezi aliyeamuru kwa maneno mia mbili, kwa mwenye duka aliyejali bei tu, kwa ofisa wa Keya aliyetaka kueleweka upesi. Na lugha aliyopewa ilikuwa imekwisha kukatwa viungo. Kwa kuwa aliambiwa kwamba hiyo ndiyo lugha, na kwa kuwa ilionekana ni ya amri na kazi, hakuijaribu kwa mizani ya lugha yake mwenyewe, na udugu wa zile mbili ukafichika.

Misheni nazo zilikuwa na sehemu yake, kwa nia njema. Wamisionari wa Kanisa la Skoti katika Tumutumu na mapadre wa Konsolata wa Nyeri waliona kwamba injili sharti ihubiriwe kwa lugha ya nyumbani, nao wakafanya kazi kubwa: gazeti la Kikuyu la Wakonsolata, Wathiomo Mũkinyu, lilianza mwaka 1916, na Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926. Faida yake kwa Kikuyu haina kifani. Lakini matokeo yake ni kwamba fasihi, sala na maandishi vilikuwa vya Kikuyu, na Kiswahili kikaachiwa kambi, karakana na jikoni kwa bwana, mahali ambapo hakuna lugha iwezayo kuonyesha uzuri wake. Vita vya 1914 viliwachukua maelfu ya vijana wa nchi hii kuwa wapagazi wa Kariakoo, wakatembea hata Tanganyika, iliyokuwa ya Wajerumani. Wale waliorudi walirudi na Kiswahili cha mizigo. Vita vya pili vilifanya vivyo hivyo kwa kizazi kilichofuata, na miongoni mwao alikuwamo Waruhiu Itote, mwana wa Nyeri, aliyetumikia Keya katika Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa msituni.

Wakati huo huo mbali na hapa Kiswahili cha vitabu kilikuwa kikisawazishwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubali kwamba msingi uwe ni usemi wa Unguja, ingawa watu wa Mvita, wenye tungo za kale, hawakuridhika, na tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi ile Kamati ya Lugha iliyoziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamusi yake ikatoka mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson. Nchi ya mlima ilisikia habari hizo kwa mbali. Ilichukua miaka mingine mingi hata Rais Kenyatta, mwana wa lugha ya Kikuyu aliyewahi kuhariri gazeti la Kikuyu, akaamuru mwezi wa Julai 1974 kwamba Bunge litumie Kiswahili. Na tangu 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi. Tangu hapo mtoto wa Karatina husema viti vyangu darasani, na akifika stendi husema viti yangu, akijua vema kwamba ni lugha mbili za mahali pawili.

Ningependa kuona walimu wetu wakitumia lililo karibu. Mwalimu wa Nyeri anayefundisha ngeli ya ki na vi kwa kukaririsha jedwali anaanza safari ndefu, ilhali angeweza kuandika ubaoni gĩtĩ gĩakwa na chini yake kiti changu, itĩ ciakwa na chini yake viti vyangu, andũ atatũ na chini yake watu watatu, mĩtĩ ĩtatũ na chini yake miti mitatu, kisha akanyamaza kidogo mpaka watoto wauone upatanisho wenyewe. Baada ya hapo angekuwa na la kuonya moja au mawili tu: kwamba wanyama katika Kiswahili fasaha hufuata upatanisho wa watu, na kwamba sita, saba na tisa hazivishwi kiambishi, kwa kuwa asili yake ni nyingine. Nimezungumza na walimu waliolijaribu jambo hili, nao wasema makosa ya upatanisho hupungua. Makosa yanayobaki ni ya r na l, na ya sh na s, ambayo ni ya ulimi wala si ya akili.

Njia hii haifai mahali pote. Ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki, mji ambao Mkikuyu, Mmeru, Msamburu, Mturkana, Msomali na Mborana hukutana kwa mifugo na nafaka, darasa moja huwa na watoto wa asili zisizo na udugu, na Kiswahili ndicho kitu pekee wanachokishiriki wote wanapotoka mchezoni. Hapo Mkikuyu na Mmeru wana mtaji wa kuanzia. Mtoto wa Kisamburu, ambaye lugha yake huyagawa majina kwa uume na uke, hana gĩtĩ wala itĩ ya kuegemea. Yeye hana budi kuzijifunza ngeli mojamoja tangu mwanzo, na mwalimu wake anastahili kupewa muda mrefu zaidi katika ratiba kuliko mwenzake wa Karatina.